Kusoma bango la vita katika swali la chanzo: Lettow-Vorbeck juu ya farasi, 1918

Mtahiniwa anayekutana na bango la vita katika karatasi ya Historia huanza mara nyingi kwa kuandika anachokiona: mtu yuko juu ya farasi, askari wako nyuma yake, bendera ipo. Yote hayo ni kweli na msahihishaji hana sababu ya kuyakata, lakini hayajibu swali, kwa kuwa aliyetunga swali anajua picha ina nini. Anachotaka kujua ni kama mtahiniwa anaweza kueleza kwa nini bango hilo lilichapishwa, lilichapishwa wakati gani wa vita, na nani alitarajiwa kusimama mbele yake na kufanya kitu baada ya kuitazama.

Mwongozo huu unafuata bango moja tu, kuanzia kulisoma hadi kuandika jibu. Nimelichagua kwa sababu lina mtego kwa wanafunzi wa Iringa, Njombe na Mbeya kuliko kwa wengine. Linaonyesha vita vilivyopita katika nchi yetu, na mwanafunzi anayewaona askari Waafrika wakimfuata ofisa wa Kijerumani huona haraka kwamba bango lilitengenezwa ili kuwashawishi Waafrika wajiunge na jeshi. Jibu hilo linaonekana la busara, linaandikwa na wanafunzi wazuri, nalo si sahihi.

Tuchukue kwamba swali limeandikwa hivi:

Chanzo A. Bango la Kijerumani la mwaka 1918, lililochorwa na Fritz Grotemeyer. Linamwonyesha Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani Afrika Mashariki, akiwa juu ya farasi, huku askari Waafrika wakimfuata kwa miguu pamoja na bendera. Maandishi ya bango, ambayo ni ya Kijerumani, yana maana ya "Mchango kwa Wapiganaji wa Makoloni".

Swali: Bango hili lilitolewa kwa lengo gani, na walengwa wake walikuwa akina nani? Thibitisha jibu lako kwa kutumia chanzo na ujuzi wako wa historia. (Alama 10)

Hatua ya kwanza: soma maelezo kabla ya picha

Jicho huvutwa na picha, kwa hiyo inabidi ulizuie kwa makusudi. Funika picha kwa kiganja ikibidi, usome kwanza maelezo yaliyo chini yake, kwa sababu humo ndimo mtunga swali ameweka ushahidi usiobishaniwa. Katika mfano wetu maelezo yanatupa mambo manne: mchoraji ni Mjerumani, mwaka ni 1918, lugha ni Kijerumani, na kinachoombwa ni mchango. Pigia mstari kila kimoja, kisha andika pembeni kwa penseli jambo moja unalolijua kuhusu kila kimoja. Kazi hii haihitaji zaidi ya dakika mbili.

Mwaka ndio unaostahili kukaliwa zaidi. Anayeona 1918 na kuandika tu kwamba ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza amesema jambo ambalo lingefaa kwa bango lolote la kuanzia 1914. Jiulize badala yake: mwaka huo, huyo aliyetoa bango alikuwa katika hali gani? Ujerumani ilikuwa imekwisha kupoteza Togo tangu Agosti 1914, Afrika Kusini Magharibi tangu Julai 1915 na Kameruni mwanzoni mwa 1916. Hapa kwetu, majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini mnamo Mei 1916, yakashika Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, na tarehe 29 Agosti mwaka huohuo yakaingia Iringa. Mwishoni mwa Novemba 1917 Lettow-Vorbeck mwenyewe alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno, na akabaki huko hadi mwishoni mwa Septemba 1918.

Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka ambao bango hili lilitoka, mtu aliyechorwa juu ya farasi kama bwana wa koloni hakuwa hata ndani ya koloni. Mtahiniwa aliyeliona hilo amepata ufunguo wa swali zima, kwani bango linalotolewa wakati mambo yanaenda vizuri hufanya kazi tofauti na linalotolewa wakati mambo yameharibika.

Upande wa pili wa mwaka huo ni hali ya Ujerumani kwenyewe. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimefunga njia za bahari, chakula kilikuwa haba, na majira ya baridi ya 1916 hadi 1917 watu walilazimika kula aina ya tanipu ambayo kwa kawaida ilikuwa chakula cha mifugo. Januari 1918 wafanyakazi wengi wa Berlin na miji mingine waligoma. Hao ndio watu waliokuwa wakiombwa kutoa fedha. Usiandike yote haya katika jibu. Chagua moja utakalolihitaji, lakini yajue yote kabla ya kugusa picha.

Tahadhari moja ndogo: maelezo yametaja mwaka bila mwezi. Usijifanye unaujua mwezi. Kuandika kwamba bango lilitolewa "muda mfupi kabla ya kusalimu amri" ni kuongeza kitu ambacho chanzo hakikusema.

Hatua ya pili: tenganisha kinachoonekana na kinachodaiwa

Sasa ondoa kiganja. Kwenye karatasi ya kufanyia kazi, chora mstari katikati. Kushoto andika kinachoonekana, kulia andika kinachodaiwa na mchoraji kwa kukiweka pale. Kamanda yuko juu ya farasi. Dai ni kwamba bado ana mamlaka na bado anasonga mbele. Askari wako nyuma yake. Dai ni kwamba wanamfuata kwa hiari na kwa uaminifu. Bendera ipo, dai ni kwamba Ujerumani bado ina makao Afrika. Kamanda anatambulika kwa jina na sura, ilhali askari ni kundi lisilo na majina. Dai hapa ni la chinichini zaidi, kwamba vita hii ni hadithi ya shujaa mmoja wa Kizungu, na Waafrika wamo kama ushahidi wa ushujaa wake.

Kila ukiandika upande wa kulia, tumia kitenzi kinachoonyesha kwamba unamsoma mchoraji: "linadai", "linataka mtazamaji aamini", "linamjenga kamanda kama". Mwanafunzi anayeandika "bango linaonyesha kwamba askari walikuwa waaminifu kwa Wajerumani" amekwisha kunaswa na propaganda aliyotakiwa kuichambua, na msahihishaji analiona hilo papo hapo. Maneno mawili tu, "linadai kwamba", yangemwokoa.

Kisha tafuta ambacho hakipo. Hapa wanafunzi wengi huorodhesha vitu ovyo: hakuna mizinga, hakuna mvua, hakuna magari. Kutokuwepo kwa kitu kuna thamani katika mtihani pale tu unapoweza kueleza kwa nini mtengenezaji asingependa kionekane. Katika maelezo tuliyopewa hakuna wapagazi, na hilo lina uzito kuliko mengine yote. Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani na mabegani. Mwezi Novemba 1917, kikosi kilipovuka Ruvuma, kwa hesabu zinazotajwa kwa kawaida kulikuwa na Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, yaani wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji wote wakijumlishwa pamoja. Kwa upande wa Waingereza na washirika wao, wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa, hasa kwa maradhi na njaa, walikaribia 100,000. Mstari wa watu waliodhoofika wenye mizigo haungeweza kumshawishi mtu yeyote kwamba hii ni vita ya heshima, na kwa hiyo haukuchorwa.

Farasi naye ni wa kutazamwa vizuri, kwa sababu ni mfano mzuri wa jinsi ujuzi mdogo wa mazingira unavyozaa alama. Farasi hawakuhimili vita hivi. Mbung'o na ugonjwa wa farasi viliwaangamiza wanyama wa vikosi vya Afrika Kusini vilivyopanda farasi mwaka 1916, na safari zote ndefu za baadaye zilikuwa za miguu. Sisemi kwamba Lettow-Vorbeck hakuwahi kupanda farasi. Ninachosema ni kwamba farasi katika bango hili amebeba maana kuliko ukweli: kwa mtazamaji wa Ulaya, jemadari juu ya farasi ni sura aliyoizoea katika sanamu za viwanja vya miji yake, nayo ilimwambia ushindi bila kuhitaji neno lolote.

Hatua ya tatu: walengwa

Sehemu hii ndiyo inayopoteza alama nyingi, hivyo nitakaa hapa.

Kosa linatokana na kudhani kwamba aliyechorwa ndiye anayezungumziwa, na kwamba anayezungumziwa ndiye anayeambiwa. Fikiria bango la harambee ya kujenga zahanati kijijini, lenye picha ya mama mjamzito amebebwa kwenye machela. Mama yule amechorwa, lakini hakuna anayemwomba mama yule mchango. Anayeombwa ni yule mwenye fedha anayepita barabarani, na picha ya mama imewekwa ili imguse yeye.

Pima bango letu kwa maswali matatu. La kwanza, nani angeweza kuyasoma maandishi? Ni Kijerumani kitupu. Serikali ya Kijerumani hapa kwetu ilipotaka kuzungumza na watu wake wa koloni ilijua kutumia Kiswahili. Shule zake zilikifundisha na maofisa wake wa chini, wale maakida na makarani, walikitumia. Kwa hiyo kuchagua Kijerumani peke yake ni ushahidi, wala si bahati.

La pili, nani angeweza kufanya kinachoombwa? Bango linaomba mchango. Askari aliyekuwa Msumbiji mwaka 1918 hakuwa na fedha za kuchangia, na kwa hakika yeye na wenzake ndio waliokuwa wakichangiwa kwa jina. Mkulima wa Ubena au Uhehe alikuwa chini ya utawala wa Waingereza kwa karibu miaka miwili, na asingeweza kutuma fedha Berlin hata kama angetaka.

La tatu, bango lingeweza kubandikwa wapi? Mawasiliano kati ya Ujerumani na kikosi cha Lettow-Vorbeck yalikuwa yamekatika kiasi kwamba Novemba 1917 Wajerumani walirusha ndege kubwa ya gesi, L 59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria ili kumpelekea vifaa, nayo ikageuzwa njiani ilipokuwa juu ya Sudan. Nchi iliyoshindwa kumfikishia kamanda wake dawa na risasi haikuwa inamfikishia mabango ya kubandika kwenye miti ya Msumbiji.

Majibu yote matatu yanatupeleka mahali pamoja: walengwa ni raia wa Ujerumani waliobaki nyumbani. Mtahiniwa wa kawaida ataishia hapo. Anayetaka alama za juu atawapunguza zaidi, kwa kufuata ushahidi. Walikuwa ni watu waliokuwa na kiasi cha kutoa katika mwaka wa uhaba, na waliokuwa tayari wamesikia jina la Lettow-Vorbeck, kwa sababu bango linamtegemea yeye kama mvuto wake mkuu. Lakini usivuke mpaka. Nimewahi kusoma majibu yanayosema walengwa walikuwa "wanawake matajiri" au "vijana wa shule". Hakuna chochote katika chanzo kinachoruhusu kusema hivyo, na kukisia kwa namna hiyo kunaonyesha kwamba mtahiniwa amekariri kwamba walengwa wapunguzwe, ila hajui wapunguzwe kwa kipimo gani.

Hatua ya nne: ujumbe na lengo

Ujumbe ni kile bango linachosema. Lengo ni kile linachotaka mtazamaji akifanye au akihisi baada ya kuondoka. Swali likiuliza lengo, sentensi yako ya kwanza lazima iwe na kitenzi cha tendo la mtazamaji: atoe, ajiunge, anyamaze, avumilie, achukie, anunue. Ukiandika "lengo la bango ni kuonyesha ushujaa wa Lettow-Vorbeck" umetaja ujumbe na kuuita lengo. Ushujaa unaonyeshwa ili nini kitokee?

Katika bango hili kuna lengo la karibu na lengo la mbali. Lengo la karibu liko wazi katika maandishi: raia atoe fedha. Lengo la mbali halijaandikwa, linabebwa na picha pamoja na mwaka: raia aliyechoka aamini kwamba mahali fulani duniani Mjerumani bado hajashindwa, na aendelee kuona makoloni kuwa mali yake halali ingawa karibu yote yamekwisha kutekwa. Askari wanaofuata kwa utii wana kazi mahususi katika lengo hili la pili. Wanamwambia mtazamaji kwamba Waafrika wenyewe wanautaka utawala wa Kijerumani, na kwa hiyo kuudai ni haki.

Mtahiniwa aliyesoma Historia ya Tanzania anapaswa kushtuka hapa, kwa sababu ana ushahidi wa kutosha wa kulipinga dai hilo bila kutoka nje ya nyanda za juu kusini. Wahehe waliliangamiza jeshi la Zelewski kule Lugalo mwaka 1891, na Mkwawa hakupatikana akiwa hai hata Julai 1898 alipofariki. Wangoni na Wabena walikuwamo katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata iliacha maeneo mengi ya kusini yakiwa matupu. Bango la 1918 lilitengenezwa miaka isiyozidi kumi na tatu tangu Majimaji ianze. Sentensi moja ya aina hiyo katika jibu, ikiwa imefungwa vizuri kwenye picha ya askari watiifu, ina thamani kuliko aya nzima inayosimulia Majimaji kwa ujumla.

Kuna kosa la kinyume chake ambalo huwakumba wanafunzi waliosoma sana. Wanajua kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yote, na kwamba baada ya hapo Wajerumani waliodai kurudishiwa walitumia sana simulizi ya askari mwaminifu. Kwa hiyo wanaandika kwamba bango lilitolewa ili kupinga Versailles. Bango la 1918 haliwezi kupinga mkataba wa 1919. Unaweza kusema kwamba wazo lililomo ndani ya bango liliendelea kutumika baada ya vita, lakini sema hivyo katika sentensi ya pembeni, na usilifanye kuwa sababu ya kutolewa kwake.

Hatua ya tano: pima uaminifu bila kukitupa chanzo

Maswali mengi huwa na sehemu ya pili inayouliza kama chanzo kinafaa. Jibu la haraka ni kwamba hakifai kwa sababu ni propaganda, na jibu hilo hupata alama chache sana. Kufaa kunategemea unachunguza nini. Anayetaka kujua askari na wapagazi waliishije mwaka 1918 atapotoshwa na bango hili, maana wapagazi hawamo, na utii wa askari umepambwa: wengi walitoroka kadiri vita ilivyorefuka, na Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari 1,168 na Wazungu 155. Lakini anayetaka kujua Ujerumani ilitaka raia wake waione vipi vita ya Afrika hatapata ushahidi mzuri zaidi ya huu, na kutia chumvi kwake ndiko kunakompa taarifa.

Kwa haki, usilione bango kuwa uongo mtupu. Lettow-Vorbeck kweli hakuwa amekamatwa, na askari waliobaki naye kweli walibaki. Oktoba 1918 kikosi hicho kilipita tena katika nchi ya Ubena, karibu na Njombe, kikiacha wagonjwa na majeruhi nyuma yake, kabla ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Propaganda nzuri hujengwa juu ya kipande cha ukweli, kisha hukata pembeni yake kila kisichofaa. Jibu linalotambua kipande hicho husomeka kuwa la mtu mzima kuliko linalopiga kelele kwamba kila kitu ni uongo.

Hatua ya sita: kuandika

Kwa swali la alama 10 tenga takriban dakika 15, tano za kusoma na kuandika mistari ya penseli, kumi za kuandika jibu. Anza moja kwa moja na lengo. Usipoteze aya kueleza maana ya propaganda, maana hujaulizwa. Kila dai lifuatwe na kitu kutoka katika chanzo, na kila kitu kutoka katika chanzo kifuatwe na ujuzi wako unaokieleza. Hivi ndivyo jibu lenye nguvu linavyoweza kusomeka:

"Bango hili lilitolewa ili kuwafanya raia wa Ujerumani watoe fedha, na wakati huohuo waendelee kuamini kwamba nchi yao bado ina nafasi Afrika. Lengo la kwanza linathibitishwa na maandishi yake, yanayoomba mchango kwa wapiganaji wa makoloni. Lengo la pili linaonekana katika picha: Lettow-Vorbeck yuko juu ya farasi, mbele ya askari na bendera, kama kiongozi anayeendelea kushinda. Picha hiyo ilihitajika mwaka 1918 kwa sababu hali halisi ilikuwa kinyume. Togo, Kameruni na Afrika Kusini Magharibi zilikuwa zimetekwa, na tangu Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alikuwa amefukuzwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi Msumbiji. Raia waliokuwa na njaa kwa sababu ya kufungwa kwa njia za bahari wasingetoa fedha kwa vita inayoonekana imekwisha, hivyo bango linawapa shujaa ambaye hajashindwa.

"Walengwa walikuwa raia waliokuwa Ujerumani, hawakuwa Waafrika waliochorwa. Maandishi ni ya Kijerumani peke yake, ingawa utawala wa Kijerumani ulikuwa ukitumia Kiswahili na watu wa koloni, na askari waliokuwa Msumbiji hawakuwa na fedha wala njia ya kuchangia. Askari wamewekwa katika picha ili kumshawishi mtazamaji wa Ulaya kwamba Waafrika wanaufuata utawala wa Kijerumani kwa hiari. Dai hilo linaacha nje Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, pamoja na maelfu ya wapagazi ambao bila wao kikosi hicho kisingetembea."

Tazama kwamba jibu hili halijaeleza farasi ni wa rangi gani, halijasimulia maisha ya Lettow-Vorbeck, na halijataja Iringa wala Lugalo, ingawa mwandishi wake angeweza. Mwanafunzi wa huku hushawishika kuingiza Mkwawa katika kila jibu linalogusa Wajerumani. Mwache nje kama sentensi inasimama bila yeye. Majimaji yametosha hapa, kwa sababu tarehe zake ziko karibu zaidi na bango na zinaligusa dai lenyewe.

Bango la kujipima

Ukitaka kujua kama umeelewa njia hii au umekariri bango moja, jaribu lenye tabia tofauti kabisa. Mwaka 1915 kamati ya bunge la Uingereza iliyohusika na kuandikisha wanajeshi ilitoa bango lililochorwa na Savile Lumley. Baba ameketi kwenye kiti nyumbani, binti yake yuko mapajani, mtoto wa kiume anacheza sakafuni na wanajeshi wa kuchezea, na baba anamtazama mtazamaji usoni. Maandishi ni swali la mtoto kwa baba: wewe ulifanya nini katika Vita Kuu?

Hapa hakuna ombi lililoandikwa, hakuna bendera, hakuna adui, na wala hakuna vita. Tukio limewekwa katika siku za baadaye, vita ikiwa imekwisha. Ukitumia kipimo cha nani anaweza kufanya kinachoombwa, utagundua kwamba ni lazima kwanza ukitafute kinachoombwa, nacho kimefichwa ndani ya aibu ya baba. Watoto wamechorwa na mmoja wao ndiye anayesema, lakini wao sio walengwa. Kisha rudi kwenye mwaka. Uingereza ilianza kulazimisha wanaume wasio na wake kujiunga na jeshi kwa sheria ya Januari 1916, na miezi michache baadaye ikawafikia wenye wake. Jieleze kwa maandishi, katika aya moja, kwa nini bango la namna hii lilikuwa na kazi mwaka 1915, na kwa nini mwaka mmoja baadaye serikali isingekuwa na haja ya kumwaibisha mwanaume huyohuyo.